Kamera 2 na taa ya geti kwa betri za volti 12, duka langu la Nzuguni

Nina duka la vifaa vya ujenzi Nzuguni hapa Dodoma, mbele fremu mbili na nyuma yadi yenye geti, huko ndo zinalala nondo na mabati. Kamera nilikuwa nazo muda ila zilikuwa za umeme wa kawaida, umeme ukikatika usiku na zenyewe zinalala, geti giza, na hiyo ndo saa unayozihitaji kuliko zote. Basi nikaamua kuzihamishia kwenye sola, na kwa vile watu wananiuliza sana naandika hapa ilivyokwenda.

Nilichofungiwa: paneli ya wati 100, betri 2 za ampea 100 (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, kwa hiyo zinabaki volti 12 ila ujazo unakuwa 200), kontrola ya kawaida, kamera 2 moja dukani moja getini, rekoda ya chaneli 4, na taa ya ledi ya wati 10 juu ya geti. Inveta hamna na hilo nalisifia kabisa. Angalia adapta ya kamera yako na ya rekoda utakuta zimeandikwa zinatoa volti 12, sasa ya nini upandishe umeme wa betri mpaka 230 halafu adapta ishushe tena kurudi 12, na inveta yenyewe inakula chaji hata kama haina mzigo.

Shida ikaanza usiku. Mchana picha safi zote mbili, ikifika jioni taa ikiwaka kamera ya geti inapotea, inarudi, inapotea tena, mpaka asubuhi hivyo. Ya dukani haina neno. Fundi aliyefunga akasema kamera mbovu, akaleta mpya, ikafanya yale yale. Akahamia kwenye betri, eti zimechoka, betri mpya kabisa hizo! Nikamtafuta fundi mwingine, kijana anayefunga sola za visima huko Chamwino, nikamwomba aje giza likishaingia maana mchana haoni kitu.

Alichofanya ni kupima tu. Kwenye betri mita ikasoma 12.3. Tukaenda getini, akapanda ngazi akapima pale pale kwenye plagi ya kamera ikiwa inafanya kazi, ikasoma kama 9.3. Akaniambia "mama hebu nizimie taa". Nikazima, mita ikapanda mpaka 11 na kamera ikatulia. Hapo ndo nikaelewa kwamba kamera haikuwahi kuwa mbovu.

Kumbe taa na kamera zilikuwa zinakula kwenye waya mmoja, ule mwembamba wa spika wa nusu milimita ya mraba, na kutoka kwenye betri hadi getini ni mita 30. Umeme unaenda na kurudi kwa hiyo hesabu ni mita 60, na waya wa shaba mwembamba hivyo kwa urefu huo una ukinzani kama omu 2. Mchana kamera inavuta robo ampea tu, unapoteza nusu volti, na saa hizo betri inachajiwa iko 13 na kitu, huwezi kuona tatizo. Usiku kamera inawasha vile vitaa vyake vyekundu vya kuonea gizani, inavuta 0.6, ongeza taa ya geti 0.8, jumla 1.4, zidisha kwa omu 2 unapata karibu volti 3 zimepotelea njiani. Na betri yenyewe usiku imeshuka. Kamera nyingi za volti 12 zinavumilia pungufu ya asilimia 10 hivi, yaani 10.8, chini ya hapo inazima, ikizima mzigo unapungua, volti zinapanda, inawaka tena, ikiwasha vitaa inazima, ndo ile kupotea na kurudi. Kwa hiyo ukiona kamera ya mbali inasumbua usiku tu na ya karibu ni nzima, pima kwenye kamera yenyewe, usiku, mzigo wote ukiwa umewaka, kabla hujanunua chochote.

Tukavuta waya wa 2.5 kwa ajili ya kamera peke yake na taa ikapewa wake. Waya mnene ni hela, sikatai, ila ni nafuu kuliko kamera niliyobadilishiwa bila sababu. Sasa hivi kwenye kamera inasoma 12 kamili wakati betri iko 12.3, na haijacheza tena.

La pili ni paneli, na hapa nawalaumu wanaouza hizi seti wanakuambia wati 100 inatosha kamera. Kijana alinipigia hesabu kwenye boksi la misumari. Rekoda inavuta ampea 1 usiku na mchana maana disiki inazunguka muda wote, kwa siku ni ampea-saa 24. Kamera zote mbili kama 20. Taa ya geti usiku mzima 10. Jumla 54. Paneli ya wati 100 kwa jua letu la Dodoma ukiipa masaa 5 ya jua kali inakupa kama 27, yaani nusu! Ila betri zikianza zimejaa unakula akiba, wiki ya kwanza unaona mambo poa, halafu kontrola inaanza kukata alfajiri na wewe unasema betri feki. Na kontrola za bei ndogo zinakata kwenye volti 11 au chini zaidi, hapo betri ya asidi imeshaisha kabisa, ukiifanyia hivyo kila siku kweli itakufa. Yangu ina sehemu ya kuseti, tumeweka 11.8.

Nikaongeza paneli nyingine ya 100, na taa ya geti nikaiweka sensa, inawaka mtu akipita tu. Matumizi yameshuka mpaka 45 hivi na paneli zinaleta 55, ukitoa kinachopotea kwenye kuchaji inatosha bila kubaki sana. Masika kukiwa na mawingu siku mbili mfululizo betri zinabeba. Kiangazi kinachosumbua ni vumbi, upepo wa huku mnaujua, nafuta paneli asubuhi kabla hazijapata moto.

Kitu kimoja bado wengi hawafanyi: betri ikichajiwa inapanda mpaka 14.4, na rekoda nyingi za bei rahisi zinapeleka umeme huo moja kwa moja kwenye disiki ambayo inataka 12. Weka kile kidude cha kutuliza volti kabla ya rekoda, kinachopokea kuanzia 9 hadi 20 na kutoa 12 tu. Fyuzi nayo iwe karibu na betri, sio huko mwisho kwenye kamera. Na kama kontrola yako ina seti ya kuwasha mzigo jua likizama, hiyo ni ya taa, ukiunganisha kamera hapo mchana kutwa hazitakuwa zinarekodi na hutajua mpaka siku unatafuta tukio.