Tahadhari: mama anauza mafuta ya nazi "ya uso" hapa Nakuru, msinunue

Jameni nina hasira mpaka mikono inatetemeka. Ni mama mmoja wa meza ya mafuta.

Jumamosi natoka saloni akaniita, "Dada kuja nikupake kidogo, bure tu." Akanishika mkono, akatia tone moja nyuma ya kiganja, akasugua polepole huku akiniangalia usoni, na harufu ya nazi ikapanda tamu sana. Na nilimuuliza jameni, si ati nilinyamaza! Nikamwambia mama, baridi hii ya Nakuru mafuta ya nazi asubuhi huamka yameganda meupe, mbona yako ni maji? Hakubabaika hata. "Hayo unayajua ni ya kupikia. Haya ni ya vipodozi, kiwandani wanatoa ile sehemu inayoganda." Hapo ndipo aliponimaliza, kwa sababu hiyo kitu ni ukweli, mafuta ya nazi ya aina hiyo yapo na hayagandi. Mtu anayejua hivyo utamshuku aje? Nikatuma 700 kwa M-Pesa, chupa ya mililita 100, na nikamwambia asante.

Siku nne uso unateleza, kipaji chote vipele. Jumatano nikapasha kidogo kwa sufuria nipake nywele, ile pafyumu ikaruka yote na jikoni kukabaki harufu ya kibanda cha chipsi. Mathe akatoka chumbani akauliza nani anakaanga nini saa hii. Nililia.

Nikaweka kwa friji kando ya mafuta yetu ya alizeti ya kupikia. Asubuhi kuangalia, chupa zote mbili ni maji, rangi moja, uzito mmoja. Alizeti yenyewe haina shida kwa ngozi, wengi wanaipaka, lakini si ningechota tu jikoni kwangu? Sijui hata hayo yake yalikuwa yamekaangia nini kwanza!

Sasa angalieni hivi. Ile ya nazi isiyoganda ya ukweli huwa haina rangi na karibu haina harufu. Ikinuka nazi basi ni ya kawaida, na ya kawaida huanza kuganda ikishuka kama digrii 24, na usiku wa hapa uko chini ya hapo sana. Yake ilikuwa ya manjano, inanuka, na haigandi. Haiwezekani! Ana kastor pia, ukiinamisha chupa inakimbia kama maji na kastor ni nzito inavutika kama asali. Na ile alama ya KEBS kwa lebo haina namba chini yake, ingekuwa nayo ungetuma SM# na hiyo namba kwa 20023 uone ni ya nani.

Nimerudi Alhamisi, meza hakuna, simu imezimwa. Huyo mama ashikwe, amwage hizo chupa zote mbele ya watu na arudishie kila mtu pesa yake, kuna wamama wanapaka watoto hiyo kitu. Mwenye atamwona amehamia wapi aniambie leo leo, nakuja na chupa yangu na mesej ya M-Pesa twende polisi.