Uzoefu wangu: kupanga makala ndefu kwa sehemu kwenye Telegram

Nina chaneli ya historia ya pwani huko Telegram, naandika makala ndefu, na kwa muda sasa natumia ile huduma yao ya kupanga ujumbe utoke baadaye, ukishikilia kitufe cha kutuma inatokea Schedule Message. Ni bure na ujumbe unakaa kwenye seva zao, kwahiyo hata simu ikizima chaji au bando likaisha sehemu inatoka tu kwa saa yake. Kwa kazi ya sehemu sehemu naipenda sana ila kuna kitu kimoja lazima ukijue kabla, nakuja nacho.

Mfano ni makala yangu ya Fort Jesus, ilikua kama herufi 18,000. Ujumbe mmoja unabeba herufi 4,096, ukibandika zaidi app inakata yenyewe na haijali imekata wapi, unaweza kukuta "mwaka" uko huku na "1698" uko kule. Kwa hesabu zingetosha sehemu 5 lakini mie nimekata 7 kwa sababu mtu anasoma kwenye simu akiwa kwenye matatu, na nikakata pale hadithi inapogeuka: ujenzi wa 1593 peke yake, uasi wa Sultani Yusuf 1631 peke yake, na sehemu ya tatu nikaimalizia Machi 1696 meli za Oman zinaonekana baharini, halafu kuzingirwa kwenyewe mpaka Desemba 1698 kukapata sehemu yake nzima. Ukiweka picha jihadhari, maelezo chini ya picha kwa akaunti ya kawaida mwisho herufi 1,024, kwahiyo picha naituma peke yake na maandishi yanafuata dakika moja baadae.

Namba naiweka mstari wa kwanza kabisa, FORT JESUS 3/7, ili kwenye notifikesheni mtu aione kabla hajafungua. Chini naweka #FortJesus, ukiigusa unapata sehemu zote hata kama katikati nimeposti mambo mengine.

Sasa kuziunganisha. Sehemu ambayo haijatoka haina linki, ile namba ya mwisho kwenye t.me/chaneli/123 inapatikana ikishatoka, kwahiyo huwezi kuandika leo "endelea hapa" ukaelekeza kwenye sehemu ya kesho. Ninachofanya natoa kwanza posti ya utangulizi, naipini, halafu kila sehemu naipanga ikiwa ni jibu la ule utangulizi. Kila ikitoka nafanya Copy Link naenda kuedit utangulizi naongeza linki. Msomaji akiingia katikati anagusa juu anafika kwenye orodha.

Na hicho kitu nilichosema ni hiki: Telegram haijui kwamba hizi ni mlolongo. Kwake ni jumbe saba tofauti, kila moja na saa yake. Ukisogeza ya tano kwenda kesho kutwa, ya sita haisogei nayo, itatoka kwanza na wasomaji watakutana na mwisho kabla ya mwanzo. Kwahiyo ukitaka kusogeza anza na ya mwisho, ya 7 kwanza halafu 6 halafu 5, yaani hata ukikatishwa na simu katikati ya kazi bado mpangilio uko sawa. Ukianza na ya 5 ukaacha hapo umeshaharibu. Ukimaliza fungua ile orodha ya zilizopangwa, zinajipanga kwa saa ya kutoka sio kwa ulivyoziandika, kwahiyo soma namba toka juu, ukiona 1 2 3 4 6 5 7 basi kuna saa moja umeikosea.

Saa ndio mtego mwingine hasa kwetu. Saa moja usiku ni 19:00 na kichwani unafikiri moja, mkono unachagua 01:00, sehemu inatoka usiku wa manane watu wamelala. Na inafuata saa za simu yako, kama uko Dubai ukaandika 20:00 Mombasa itakua 19:00.

Mwisho wa kupanga ni jumbe 100 kwa chaneli moja na siku 365 mbele, kwa makala inatosha kabisa. Mwenye simulizi ya sehemu 150 itabidi apange nusu, zikishapungua aongeze zilizobaki. Kitu ambacho ningeomba waongeze ni kusogeza jumbe kadhaa kwa pamoja zikibaki na nafasi zake, maana kwa sehemu 7 unavumilia lakini kwa 40 kubadilisha saa moja moja ni kazi ya jioni nzima.