Kosaini au zao la nukta: ni lini mshindi hubadilika?

Tuseme tunatafuta matini iliyo karibu zaidi na swali. Swali limegeuzwa kuwa vekta q = (1, 0), na tuna vekta za matini tatu: A = (3, 0), B = (4, 4), C = (1, 1).

Kosaini hutazama pembe tu. A inaelekea kulekule kwa swali, inapata 1. B na C zinafungana kwa 0.71. Zao la nukta huhesabu pia urefu, kwa hiyo B inaongoza kwa 4, A 3, C 1. Umbali wa Euklidi nao una mshindi wake: C iko umbali wa 1, A 2, B 5. Data ileile, washindi watatu!

Sasa sawazisha kila vekta, yaani igawe kwa urefu wake. B na C zinakuwa nukta moja, A inaongoza kwa vipimo vyote, kwa sababu zao la nukta sasa ni kosaini yenyewe, na umbali wa Euklidi, d, unaifuata:

```
d² = 2 − 2·cos
```

Kusawazisha swali peke yake hakubadilishi mpangilio wa zao la nukta, bali alama tu. Ni vekta za matini zinazoupindua.

Binafsi huanza kwa kukagua urefu wa vekta mia hivi. Zote zikiwa karibu na 1, natumia zao la nukta, maana hesabu yake ni nyepesi. Zikitofautiana, nasoma maelezo ya modeli iliyotengeneza vekta hizo: kama ilifunzwa kwa zao la nukta, urefu huenda una maana, na kuusawazisha ni kuifuta.