Nilifuta ufunguo wa simu iliyoibiwa, WireGuard ikaurudisha

Nina hasira, na nitaanzia hapo hapo. Simu ya mdogo wangu iliibiwa. Nikafuta ufunguo wake kwenye seva yetu ya nyumbani, inayotumia WireGuard kutuingiza kwenye mtandao wa familia tukiwa mbali, nikawasha huduma upya, nikalala. Asubuhi nikaikuta simu ile iko ndani. Haikuwa inabisha hodi tu. Imeshafunguliwa mlango, imesalimiana na seva sekunde 38 zilizopita:

```
allowed ips: 10.8.0.5/32
latest handshake: 38 seconds ago
```

Mikono ilinitetemeka. Kwenye mtandao ule kuna picha za mama, nyaraka za shangazi, kila kitu cha familia. Na simu yenyewe haikuwa hata na nywila.

Usiku ule nilikuwa nimefungua `/etc/wireguard/wg0.conf`, nikafuta sehemu ya `[Peer]` yenye ufunguo wa umma wa simu hiyo, nikahifadhi, kisha `systemctl restart wg-quick@wg0`. Huduma ikarudi bila kulalamika hata neno moja. Asubuhi nilipofungua tena faili, ile sehemu niliyoifuta kwa mkono wangu ilikuwa imerudi mahali pake kana kwamba sikuwahi kuigusa. Kwa muda niliamini mtu ameingia kwenye seva.

Hakuna aliyeingia. Juu ya faili kulikuwa na mstari mmoja nilioukopi kutoka kwenye mwongozo fulani wakati naisimika seva, muda mrefu uliopita:

```
SaveConfig = true
```

Mstari huo unaiambia `wg-quick`, programu inayowasha na kuzima WireGuard, kwamba kila inapozimwa, ichukue hali iliyopo kwenye kumbukumbu ya mashine na kuiandika juu ya faili. Mimi nilifuta ufunguo kwenye faili, lakini kwenye kumbukumbu ulikuwa bado upo. Nilipowasha upya, hatua ya kwanza ya kuwasha upya ni kuzima, na katika kuzima faili langu likaandikwa upya na ufunguo wa mwizi ndani yake. Yaani amri niliyoitumia ili mabadiliko yangu yafanye kazi ndiyo iliyoyafuta.

Siku hiyo niliwaambia wote nyumbani kwamba naitupa WireGuard. Leo sisemi hivyo, maana jambo hili limeandikwa waziwazi kwenye maelezo ya `wg-quick`: ukibadilisha faili wakati huduma inafanya kazi, mabadiliko yatafutwa. Limeandikwa. Ila nani anayelifikiria hilo saa nne usiku na simu iko mikononi mwa mwizi?

Na hasira haikuishia hapo, kwa sababu mstari huo huo ulinifanyia jingine. Juu ya kila `[Peer]` nilikuwa nimeandika maelezo yangu kwa alama ya `#`: hii simu ya shangazi, hii kompyuta ya kaka. WireGuard haina sehemu ya jina la mtumiaji; inachokijua ni ufunguo tu, herufi 44 zinazoishia na alama ya sawasawa. Mara ya kwanza faili lilipojiandika lenyewe, maelezo yangu yote yalifagiliwa. Nikabaki na funguo kumi na mbili zisizo na mwenyewe. Sasa simu imeibiwa, ufunguo wake ni upi kati ya hizo? Na simu yenyewe sinayo niisome.

Ndiyo maana usiku ule, kabla ya kufuta chochote, ilibidi niwapigie mmoja mmoja. Shangazi nilimwomba afungue programu, aguse jina la muunganisho, anisomee herufi nne za kwanza pale palipoandikwa `Public key`. "Mwanangu, hii ni O au sifuri?" Nikamwambia shangazi itazame vizuri, ni ya mviringo au imebinywa? Kila aliyesoma nilimtia alama kwenye karatasi. Kwa kuondoa waliopo ndipo nikafikia 10.8.0.5, ilikuwa na salamu za karibuni na hakuna mtu wa nyumbani aliyeidai.

Safari ya pili niliuondoa kwenye kumbukumbu kwanza:

```
wg set wg0 peer UFUNGUO_WA_UMMA remove
```

Hapo simu ile ilikatika papo hapo, na hili naisifu WireGuard kwa moyo wote: wengine kumi na mmoja hawakuguswa. Hakuna nywila ya pamoja ya kubadilisha, hakuna kumsumbua mama aweke mipangilio upya. Lakini amri hii peke yake haitoshi, maana haigusi faili. Umeme ukikatika kabla huduma haijazimwa vizuri, mashine itasoma faili la zamani na ufunguo utafufuka. Kwa hiyo nikaung'oa ule mstari wa `SaveConfig`, nikafuta ufunguo kwenye faili pia, nikawasha upya makusudi, nikaangalia `wg show`. Haukuwepo. Ndipo nikakaa chini.

Tangu hapo faili naliandika mwenyewe, majina yangu ya `#` yamerudi, na baada ya kila badiliko natumia hii, ambayo huondoa yaliyofutwa na kuongeza mapya bila kumkatia mtu mwingine muunganisho:

```
bash -c 'wg syncconf wg0 <(wg-quick strip wg0)'
```

Jioni hiyo hiyo, nikidhani nimemaliza, kaka akaniuliza swali lililonirudisha mwanzo: "Zile picha za QR ulizotutumia kwenye grupu la familia, si ziko pia kwenye simu iliyoibiwa?" Zilikuwepo. Ile picha siyo anwani tu. Ndani yake kuna ufunguo wa siri mzima. Aliyeshika simu ya mdogo wangu alikuwa na funguo za watu wanne wengine, na angeweza kuingia akiwa shangazi wakati mimi najisifu kwamba nimemfungia nje. Nikazifuta zote nne na kuanza upya.

Safari hii kila mtu alitengeneza ufunguo kwenye kifaa chake mwenyewe, ndani ya programu, akanitumia ule wa umma tu. Huo hata ukisambaa hauna madhara. Na kila kifaa kikapata wake: kaka alikuwa ametumia ufunguo mmoja kwenye simu na kompyuta, ndiyo maana kila mara kimoja kilipoingia kingine kilikosa mtandao. Seva hujibu pale ilipousikia ufunguo mara ya mwisho, basi vilikuwa vinanyang'anyana.

Nimpe WireGuard alama gani? Asubuhi ile ningeipa sifuri. Sasa naona usalama wake ni imara. Chanzo cha balaa lote ni mstari ule na picha nilizozituma ovyo. Ila bado nakasirika kwamba funguo hazina majina wala tarehe ya kwisha, na ni mimi wa kukumbuka nani ni nani.

Kwenye hesabu ya mwisho zilibaki funguo mbili ambazo hakuna aliyezitambua. Jana usiku nimeziondoa nazo. Kama ni za mtu wetu, hatapata ujumbe wowote wa kosa: seva inanyamaza tu, programu kwenye simu itaendelea kuonyesha imewashwa, ila data inayopokelewa haitaongezeka. Nasubiri simu ya kulalamika. Mpaka sasa hakuna aliyepiga.