Simu ilizima siku tatu, mota ya cherehani nusura irudi Nairobi

Niliagiza mota ya cherehani kutoka Nairobi kupitia kampuni ya mizigo yenye ofisi Mokowe, upande wa bara, na wakala hapa kisiwani, Lamu mjini. Ilipofika nilikuwa Siyu, kisiwani Pate, kwenye hitma, simu imeisha chaji. Nilikaa siku tatu, na hata kurudi si wakati wowote, maana mashua za kutoka Pate hungoja maji yajae.

Nilipowasha simu gatini, jumbe tatu ziliingia kwa mpigo. Mbili zilisema sipatikani. Ya tatu ilisema mzigo utarudishwa kwa mtumaji kesho yake. Moyo ulinipasuka, kwa kuwa nguo za arusi za watu zilikuwa zinaningoja.

Mitaa yetu haina namba za nyumba. Mchukuzi akivuka na mzigo hupiga simu, na usiposhika hawezi kubisha kila mlango wa Langoni. Kwa hiyo namba ya simu ndiyo anwani yenyewe, na ikizima ni kama umehama.

Nilimpigia wakala saa tisa mchana. Akanijibu kwa upole, "Dada, mzigo ulisharudi Mokowe, utapanda basi la alfajiri." Nikamwomba auzuie. Akasema hawezi kwa neno langu peke yake: kwao mwenye mzigo ni aliyeulipia kuutuma, na maagizo ya kuubadilishia njia lazima yatoke kwake. Hilo sikulijua, na ndilo lililoniokoa, kwani ningeendelea kubembeleza wakala hadi ofisi ifungwe.

Nilimpigia muuzaji papo hapo. Nikamsomea namba ya risiti ya mzigo, nikamwomba awaandikie mambo mawili: mzigo usipande basi, na namba ya jirani yangu mwenye duka iongezwe. Sikutaka waniletee tena nyumbani. Niliomba ukae kwa wakala niufuate mwenyewe, maana kila safari mpya ya mchukuzi ni nafasi nyingine ya kukosana. Kabla ya saa kumi na moja nilipata ujumbe kwamba umezuiwa. Kesho yake nililipa shilingi 150 za kuuvusha tena, nikaonyesha kitambulisho, nikausaini.

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Wakala alinisaidia kwa moyo, na mota ilifika salama. Lakini jumbe zile mbili zilitumwa siku moja, saa nne na saa sita. Kwangu hilo ni jaribio moja, si mawili. Na muuzaji hakuarifiwa lolote. Angejua siku ile ile, angempigia dada yangu, ambaye namba yake anayo.

Fomu yao ina nafasi ya namba moja tu. Siku hizi namwomba muuzaji aandike namba ya dukani kwa kalamu nene juu ya boksi lenyewe, chini ya jina langu, kisha anitumie picha kabla hajaupeleka.