NASI au NSE 20: Kipimo Kipi cha Hisa Zako za Nairobi?

NASI, fahirisi iliyoanza 2008, hubeba hisa zote za Soko la Hisa la Nairobi, na kila kampuni hupewa uzito kulingana na thamani yake sokoni. Ndiyo maana Safaricom ikipanda au ikishuka, fahirisi nzima huifuata. NSE 20 ina kampuni 20 tu, na ukubwa wa kampuni haubadilishi uzito wake. Kama Safaricom ni sehemu kubwa ya hisa zako, tumia NASI. Kama umegawa pesa karibu sawa kwa kampuni kadhaa, NSE 20 inakufaa zaidi. Chagua mwaka unapoanza. Anayechagua Desemba huokota ile iliyofanya vibaya, ili aonekane ameishinda.

Kuna mtego mmoja kwa zote mbili: hufuata bei tu, gawio halimo. Tuseme ulianza na shilingi 200,000, ukamaliza na 226,000, zikiwemo 12,000 za gawio. Hiyo ni asilimia 13, na kama NASI ilipanda 9, unajiona bingwa. Toa gawio: zinabaki 214,000, yaani asilimia 7. Kwa bei, fahirisi imekushinda kwa pointi 2.

Na kama uliongeza pesa katikati ya mwaka, usiihesabu kama faida. Pima faida ya kabla ya kuongeza na ya baada yake kando, kisha zizidishe: asilimia 5 mara mbili ni 1.05 × 1.05 = 1.1025, yaani faida ya asilimia 10.25.