Dekio bapa la maikrofaiba: limenifaa kwenye marumaru na mbao, uani halina kazi

Nyumba yetu ipo Arusha, na vumbi la huku mnalijua: laini kama poda, likikauka unaliona hata juu ya kochi. Sebuleni tuna marumaru za kung'aa, chumba kimoja cha zamani kina sakafu ya mbao, na uani ni sementi. Nimelitumia dekio bapa la maikrofaiba kote huko kwa muda wa kutosha kusema linapofaa na lisipofaa.

Nianze na dukani, maana vitambaa vingi vinavyouzwa kwa jina la maikrofaiba ni poliesta tupu. Maikrofaiba nzuri huwa na poliesta na nailoni, mara nyingi asilimia 80 kwa 20, na uzi wake umepasuliwa vipande vyembamba mno. Pitisha kitambaa kikavu taratibu kwenye kiganja. Kikinasa kwenye ngozi, hasa kama mikono yako imekauka kwa kazi, uzi umepasuliwa. Kikiteleza kama kanga mpya, kiache. Kisha dondoshea tone la maji: kitambaa kizuri hulinywa, kibaya hulisukuma.

Sebuleni ndipo nilipoona tofauti kubwa. Marumaru zetu zilikuwa na ukungu usioisha hata tukideki kila siku, na kila mtu alisema zimechakaa. Nilichukua kitambaa safi na maji ya vuguvugu yasiyo na sabuni, nikasugua marumaru moja mara kadhaa, nikaikausha. Ikang'aa, ya jirani yake ikabaki na ukungu. Kumbe ule ulikuwa utando wa sabuni. Sabuni ikizidi haiondoki na dekio, inakauka pale pale, na vumbi la kesho linaishikilia. Sasa natia kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita 5, basi. Povu likijaa ndoo, imeshazidi.

Nafanya hivi: kwanza napitisha kitambaa kikavu, kwa sababu fagio la nyuzi hurusha lile vumbi laini, nalo hutua tena ukishamaliza. Kisha nalowesha vitambaa vinne kwa pamoja, navikamua, nakifunga kimoja kwenye dekio, nadeki robo ya sebule kuanzia ukutani nikirudi nyuma kuelekea mlangoni. Kikichafuka nakiweka pembeni, nafunga kingine. Kichafu hakirudi ndooni, kwa hiyo maji ya robo ya mwisho ni safi kama ya kwanza. Ile ndoo yenye tundu la kuoshea na la kukamulia niliyouziwa pamoja na dekio siipendi: maji yakishachafuka, unakiosha kitambaa kwa uchafu wako mwenyewe. Ukitaka kuitumia, badilisha maji kila chumba.

Kwenye mbao, kamua zaidi. Kipimo changu ni kwamba unyevu uwe umekauka ndani ya kama dakika moja. Maji yakikaa huingia kwenye maungio, mbao zinavimba, na kingo zinainuka hadi unazihisi kwa nyayo. Dekio la nyuzi za pamba hubeba maji mengi mno kwa kazi hii, hata ulikamue vipi.

Uani ni habari nyingine. Sementi ya kuparuza inachana vitambaa na kuvijaza mchanga, na ukirudi navyo sebuleni, huo mchanga utakwaruza marumaru. Huko natumia fagio la chelewa, kisha dekio la pamba. Sementi iliyosakafiwa laini haina shida hiyo. Ila siki, ndimu na dawa ya choo yenye tindikali zikae mbali na sementi yoyote, pamoja na ile mistari katikati ya marumaru, maana zinaila. Na Jiki msiichanganye kamwe na vitu hivyo. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu kwa mapafu.

Jiki na maikrofaiba pia havipatani, inadhoofisha nailoni. Vitambaa navifua peke yake, kwa sabuni kidogo, kwa sababu taulo huviachia manyoya. Dawa ya kulainisha nguo situmii, inaziba nyuzi na kitambaa kinaacha kunywa maji. Pasi pia hapana, joto lake linaviyeyusha nyuzi.

Mpini ndio udhaifu wa dekio langu. Pale vipande vyake vinapoungana pamelegea, na ukikandamiza doa sugu unazunguka mkononi. Hata hivyo ningelinunua tena kwa ajili ya sebule na kile chumba cha mbao, ila peke yake, bila ile ndoo, na pesa iliyobaki niongezee vitambaa. Mwenye nyumba ya sementi ya kuparuza tupu aichukue pesa hiyo akanunue dekio la pamba na fagio gumu.